Shajara ya mchango wa shangazi: wiki 13 za mashine

Siku ya 1

Leo jioni tumekaa watu wanne: baba yangu, binamu zangu wawili ambao ni watoto wa shangazi, na mimi niliyepewa kazi ya kuandika. Shangazi ametoka wodini juzi. Figo zake hazifanyi kazi tena, na damu yake sasa inasafishwa kwa mashine mara 3 kwa wiki, takriban saa 4 kila mara. Hospitali imekubali deni la kulazwa lilipwe kwa awamu. Vipindi vya mashine havina awamu: kila kipindi hulipiwa kabla ya kuanza.

Neno moja kuhusu tarakimu kabla sijaendelea. Kwenye tangazo lenyewe tuliandika fedha kamili. Humu nimezigeuza zote kwa kipimo kimoja ambapo kipindi kimoja cha mashine ni 10. Kwa hiyo kitu cha 90 ni sawa na vipindi 9. Uwiano ni ule ule, na nadhani hivi hesabu inafuatika kirahisi zaidi.

Binamu mkubwa alikuwa ameshaandika rasimu yake. Ilisema mama ni mgonjwa sana, gharama ni kubwa, na chochote utakachotoa kitapokelewa. Niliisoma mara mbili nikamuuliza: mtu akituma leo, atajuaje kama bado tunahitaji kesho? Hakuwa na jibu, wala mimi sikuwa nalo. Hapo ndipo ugumu wa maradhi haya ulipo. Upasuaji una bei moja na unaisha. Mashine haina mwisho, na mchango usio na mwisho huwachosha hata wanaompenda mgonjwa.

Baba ndiye aliyelifungua fundo. Aliuliza bima ya binamu mdogo, ile ya kazini ambayo shangazi ameandikishwa, itaanza kulipia mashine lini. Muda wa kungoja unaisha baada ya wiki 13. Basi tukakubaliana: hatuombi fedha za maradhi, tunaomba fedha za wiki 13. Vipindi 3 kwa wiki mara 13 ni vipindi 39.

Siku ya 2

Nimeshinda na karatasi. Ankara ya kulazwa ni 200. Wakati wa kumpokea tulilipa malipo ya awali 40, ikabaki 160. Daktari ametoa makadirio ya upasuaji mdogo wa mkono, wa kuunganisha mshipa wa ateri na wa vena ili mashine ipate njia ya kudumu badala ya mpira ulioko shingoni: 90. Vipindi 39 ni 390. Sindano za kuongeza damu, madini ya chuma na vipimo vya kila mwezi, tukivigawa kwa wiki, ni 5, jumla 65. Nauli ya kwenda na kurudi ni 2 kwa kila kipindi, jumla 78.

Jumla kuu ni 783. Nilikuwa tayari kuiandika hivyo kwenye tangazo, kisha nikasita kwenye nauli. Nauli haina risiti. Dawa zina risiti, lakini hununuliwa kidogo kidogo katika maduka tofauti, na dozi hubadilika kila damu inapopimwa. Nikikusanya fedha za watu kwa vitu ambavyo siwezi kuvionyesha kwa karatasi, siku ya kutoa taarifa nitakuwa nawaomba waniamini kwa maneno matupu.

Tumeamua familia ibebe nauli yote na dawa zote, yaani 143, na iongeze 40 kwenye deni. Hiyo ni 183. Kinachobaki kwa wachangiaji ni mambo 3 tu, na yote hulipwa kwenye dirisha moja la hospitali kwa risiti yenye namba: deni 120, upasuaji wa mkono 90, vipindi 390. Jumla 600.

Nimefurahi ilivyotoka namba kamili, ingawa najua namba kamili huwatia watu shaka. Kwa hiyo mgawanyo wake lazima uonekane.

Siku ya 3

Nimeenda kumsomea shangazi. Sikutaka kitu chochote kitoke bila yeye kukisikia, kwa sababu mwili ni wake na jina ni lake.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, figo andika. Watu waombe dua wakijua wanaombea nini. Ila picha ya shingo yangu na huo mpira usiiweke." Nilikuwa na picha hiyo kwenye simu, binamu alikuwa amenitumia akisema ndiyo itakayogusa watu. Nimeifuta mbele yake. Amechagua picha ya zamani, amekaa kibarazani, ana miwani.

Nimemuuliza pia kitu ambacho hakuna aliyetaka kukiuliza: ikitokea hayupo kabla fedha hazijaisha, ziende wapi? Alinyamaza kidogo. Akasema zilipe deni kwanza, na zitakazobaki ziwalipie vipindi wagonjwa wanaokaa naye chumba cha mashine, kupitia ofisi ya malipo, si mkononi kwa mtu. Nimeandika alivyosema. Binamu mdogo alitoka nje wakati naandika, sikumfuata.

Siku ya 4

Kazi ya leo ilikuwa akaunti. Shauri la kwanza lilikuwa watu watume kwenye simu ya binamu mkubwa. Nimekataa, na nimemweleza kwamba simwekei shaka. Simu yake ndiyo inayopokea mshahara, madeni ya marafiki na ada za watoto. Baada ya wiki mbili hakuna atakayeweza kusema kwa hakika ipi ni ya mama na ipi ni ya nyumbani, hata yeye mwenyewe. Tumefungua akaunti mpya yenye salio sifuri, inayotolewa fedha kwa sahihi mbili, ya binamu mdogo na ya baba. Mimi ninayeandika hesabu sina sahihi. Anayeshika kalamu asishike fedha, huo ndio msimamo wangu.

Kila mchango utapewa namba kwa mfuatano: 001, 002, na kuendelea. Anayetuma anapata ujumbe ndani ya saa 24 wenye namba yake na kiasi kilichoingia. Kwenye orodha ya wote tutaweka namba na kiasi bila majina. Anayetoa kidogo asione haya, na anayetaka kuhakiki mchango wake aikute namba yake.

Siku ya 5: tangazo

Hili hapa jinsi lilivyotoka, ukiacha majina na namba ya akaunti:

"Sisi ni watoto na ndugu wa mama yetu, ambaye figo zake zimeacha kufanya kazi. Anasafishwa damu kwa mashine mara 3 kwa wiki. Bima itaanza kumlipia baada ya wiki 13. Tunaomba msaada wa kuvuka wiki hizo 13 tu.

Tunahitaji 600. Kati ya hizo, 120 ni deni la kulazwa, 90 ni upasuaji wa mkono kwa ajili ya njia ya kudumu ya mashine (fistula), na 390 ni vipindi 39 vya mashine, 10 kila kimoja. Familia inalipa yenyewe dawa, nauli, na 40 ya deni. Mchango wako hautatumika kwa vitu hivyo.

Kila malipo yatafanywa moja kwa moja hospitalini. Kila Jumamosi saa 12 jioni tutaandika hapa: zilizoingia, zilizolipwa pamoja na risiti, zilizobaki, na vipindi vingapi vimeshalipiwa mbele. Tutaandika hata wiki ambayo hakuna kilichoingia. Zikitimia 600 tutatangaza na kuomba watu wasitume tena. Zikizidi, zitalipia vipindi vya mashine tu. Mama akitutoka kabla ya hapo, zitakazobaki baada ya deni zitalipia vipindi vya wagonjwa wengine wa chumba hicho, kwa ombi lake mwenyewe.

Namba ya akaunti ni hii moja na haitabadilika. Mtu akikuletea nyingine kwa jina letu, si sisi."

Pamoja nalo tumeweka ankara na makadirio ya daktari. Kabla ya kuzipiga picha nilifunika namba ya faili, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu na ile alama ya mraba ya kuskani iliyoko pembeni. Ile ya mraba karibu niisahau, na ndiyo inayobeba mengi.

Siku ya 6

Neno moja limetuletea aibu. Niliandika "fistula" kwa sababu ndilo lililoko kwenye makadirio ya daktari. Kufikia asubuhi watu kadhaa walikuwa wamempigia binamu wakimpa pole kwa sauti ya chini, na mama mmoja wa rika la shangazi alimwuliza shangazi mwenyewe kama ni matatizo ya uzazi wa zamani. Wengi kwetu wakisikia neno hilo hufikiria fistula ya uzazi. Shangazi alinipigia akiwa ameumia. Nimemwomba radhi, na nimerekebisha: "upasuaji wa kuunganisha mishipa miwili ya mkono." Chini ya tangazo nimeandika kwamba neno limebadilishwa, lini, na kwa nini. Mtu aliyesoma jana akirudi leo asidhani tumebadilisha jambo lenyewe.

Siku ya 9

Nilimwomba keshia mchanganuo wa ankara, kitu kwa kitu, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa na mistari michache mipana: wodi, vifaa, maabara, dawa. Kwenye mchanganuo mpira wa shingoni umeandikwa mara mbili kwa tarehe moja, 14 kila mara. Aliwekewa mmoja. Nimerudi dirishani, wameangalia kumbukumbu za chumba cha upasuaji, wameondoa mmoja. Deni si 160 tena, ni 146. Familia inalipa 40 yake, kwa wachangiaji inabaki 106.

Binamu mkubwa alishauri tuiache 600 na hiyo 14 iwe akiba. Nilielewa hofu yake. Lakini tulikwisha sema 600 ni ya nini, na sehemu moja ya hiyo nini haipo tena. Jioni tumeandika: lengo jipya ni 586, hii hapa ankara ya zamani, hii hapa mpya, mstari uliofutwa umezungushiwa duara. Anayekusudia kuomba michango ningemwambia aombe mchanganuo huo kabla ya kutangaza, siyo baada yake kama nilivyofanya mimi.

Wiki ya 2

Mkono wa kushoto umefanyiwa upasuaji, saa moja na nusu hivi, amerudi nyumbani siku hiyo hiyo. 90 imelipwa, risiti imewekwa.

Wachangiaji wawili wameuliza swali zuri: kwa kuwa mkono umeshafanyiwa, mpira wa shingoni umetolewa? Bado. Mshipa uliounganishwa unahitaji wiki nyingi kupanuka na kukaza ukuta wake kabla haujavumilia sindano nene za mashine, na kwa watu wengine huchukua miezi. Kwa sasa mashine inaendelea kupitia shingoni. Shangazi anaweka vidole juu ya kidonda kila asubuhi kusikiliza mtetemo. Ukiwepo, damu inapita. Ukipotea, tukimbie hospitali siku hiyo hiyo. Mkono huo hautolewi damu ya vipimo wala haufungwi kipimo cha presha.

Nimeliandika hili kwa kirefu kwenye taarifa ya Jumamosi, kwa sababu mtu aliyelipia upasuaji akaona mpira bado uko anaweza kudhani kuna lililoharibika na sisi tunaficha.

Wiki ya 3

Taarifa ya Jumamosi hii naiweka kama ilivyo:

"Zilizoingia tangu mwanzo: 312. Zilizolipwa: deni 106, mkono 90, vipindi 9 ambavyo ni 90. Jumla 286. Zilizobaki: 26. Vipindi vilivyolipiwa mbele: hakuna. Fedha iliyopo inatosha vipindi 2."

Kabla ya kuibonyeza nilifanya hesabu yangu ya kila wiki: zilizolipwa ukijumlisha na salio la akaunti lazima ziwe sawa na zilizoingia. Mara ya kwanza hazikuwa sawa. Akaunti ilionyesha 26, daftari langu likasema 23. Hesabu ikikataa kuna mambo matatu ya kutazama: makato ya kutuma, malipo yaliyorudiwa, na mchango usioandikwa. Tangu mwanzo tunaandika kilichoingia, siyo kilichotumwa, kwa hiyo makato hayakuwa sababu. Nilipopitia moja moja nikakuta watu wawili walituma 3 kila mmoja, wakipishana dakika chache, nami nikadhani ni ujumbe mmoja uliojirudia. Wa pili hakuwa amepata namba. Nimempigia mwenyewe, nikampa 047, nikamweleza kosa lilivyotokea. Alisema alikuwa anangoja mpaka Jumamosi aone kama namba yake itatokea.

Binamu mdogo aliona "inatosha vipindi 2" inatisha mno. Mimi naona ndiyo sentensi yenye kazi kubwa kuliko zote. Salio la 26 halimwambii msomaji kitu. Vipindi viwili vinamwambia kwamba Jumatatu na Jumatano zipo, Ijumaa haipo. Na hatukuongeza hata neno la kubembeleza. Kufikia Jumatatu usiku Ijumaa ilikuwa imelipiwa, na ya wiki iliyofuata pia.

Wiki ya 5

Jumatano, nusu saa baada ya kuunganishwa kwenye mashine, shangazi alianza kutetemeka kwa baridi na homa ikapanda. Wauguzi walijua mara moja la kushuku: wadudu kwenye mpira wa shingoni. Wamechukua damu ya kuotesha wadudu maabara, wamemwanzishia antibiotiki za mshipa, wamemlaza. Siku 5. Mpira umebadilishwa.

Sikuandika chochote usiku ule. Asubuhi niliweka mistari miwili: amelazwa kwa maambukizi, yuko macho na anaongea, tutaeleza gharama tukipata ankara. Hatukuomba fedha.

Ankara ilikuja 55. Hapa nilijuta sentensi moja niliyoiacha. Tangazo letu linataja mambo matatu, na haya si mojawapo. Lilikuwa linahitaji kifungu cha dharura tangu siku ya kwanza: kiasi fulani, kwa mfano hadi 50, kinachoweza kutumika kwa matatizo yanayotokana na tiba hii, kwa sharti la kutangazwa ndani ya saa 48. Maambukizi ya mpira si ajali ya nadra, mtu yeyote wa chumba cha mashine angetuambia. Hatukuuliza.

Tulipoichambua, 20 kati ya ile 55 ilikuwa ni vipindi 2 vya mashine alivyopata akiwa wodini. Hivyo vimo katika vile 39, kwa hiyo vimelipiwa na mchango, na tumevihesabu kama kipindi cha 15 na cha 16 visije vikahesabiwa tena mbele. 35 iliyobaki haikuwa ya wachangiaji. Baba ameuza kitu chake ambacho hakutaka nikitaje, akalipa. Kwenye taarifa tumeandika mgawanyo huo bila kumtaja. Watu watatu waliandika kwamba wasingeona vibaya kama tungetumia mchango. Naamini walisema kweli. Lakini wachangiaji walikuwa zaidi ya mia wakati ule, na hao watatu hawakuweza kuwasemea wengine.

Wiki ya 6 hadi ya 9

Jumamosi nne zisizo na habari. Tuliandika zote. Ya wiki ya 8 ilikuwa na mistari minne tu na mchango mmoja wa 2. Binamu mkubwa ameshika zamu ya kuandika nikiwa safarini, na aliandika kwa wakati.

Wiki ya 10

Sindano ya kwanza imechomwa mkononi. Walianza na moja tu, njia ya pili ya damu bado ni mpira wa shingoni, kuupa mshipa nafasi ya kuzoea.

Wiki ya 11

Imetimia 586. Tumeandika saa hiyo hiyo, hatukungoja Jumamosi: tafadhali msitume tena. Hata hivyo zimeingia 18 baada ya hapo, nyingine kutoka kwa watu waliolisoma tangazo lililosambazwa bila taarifa zake. Tulimpigia kila mmoja kumwuliza kama arudishiwe. Wote walisema ziende kwenye vipindi.

Wiki ya 13

Kipindi cha 39 kimefanyika. Mpira wa shingoni umetolewa.

Bima imesema idhini yake itachelewa wiki moja. Vipindi 3 zaidi, 30. Zilizozidi ni 18, na tangazo lilisema zitakazozidi zilipie vipindi tu, kwa hiyo hatukuhitaji kumwuliza mtu. Familia imeongeza 12.

Taarifa ya mwisho: zilizoingia 604, zilizolipwa 604, akaunti imefungwa, picha ya salio sifuri na barua ya kufunga zimewekwa. Tangazo lenyewe tumeliandika juu kabisa kwamba limekwisha, na namba ya akaunti tumeifuta ili lisiendelee kuzunguka likiomba.

Nilimwuliza shangazi kama ana neno la kuwaandikia. Alikuwa ameweka vidole juu ya mkono wa kushoto. "Waambie unatetemeka vizuri," alisema, kisha akauvuta mkono wangu nami nikausikia.